Shadda ya Iyyaka

Mwanapili binti Shaame hakuwa mwanamke wa kupendeka, na mwenyewe alilijua hilo wala halikumshughulisha. Alizaliwa Mkokotoni, kwa watu wa asili ya Tumbatu, na baba yake, Mwalimu Shaame, alisomesha Qurani barazani kwake mpaka sauti ikamkauka. Watoto wengine walikwenda chuoni na kurudi kwao. Yeye chuo kilikuwa ndiyo nyumba. Alikula huku akisikia wenzake wakipigwa kwa kukosea herufi, na alipokuwa mkubwa kidogo akawa anapigwa yeye kwanza, ili wengine waone kwamba mtoto wa mwalimu hana msamaha.

Mwalimu Shaame alikuwa na maneno yake. Mtoto akiisoma qafu kama kafu, alimsimamisha mbele ya wenziwe.

"Qalbi ni nini?"

"Moyo, Maalim."

"Na kalbi?"

"Mbwa."

"Basi wewe sasa hivi umemuomba Mwenyezi Mungu amtulize mbwa wako. Rudi nyuma. Qafu inatoka kule mwisho wa ulimi, karibu na kimio. Usiilete mbele. Soma."

Mwanapili alizipata herufi zote mahali pake kabla hajavunja ungo. Haa nzito ya katikati ya koo, si hii ya pumzi tupu inayotoka chini kabisa. Thaa kwa ncha ya ulimi kugusa meno ya juu. Dhadi, ambayo watu wazima wanaikimbia, kwa ubavu wa ulimi kuegemea magego. Nuni yenye sukuni, isiyo na irabu, alijua lini ionekane wazi, lini imezwe na herufi inayoifuata, lini igeuke mimu mbele ya baa, lini ifichwe nusu na sauti yake ibakie puani. Baba yake alimfundisha kuijaribu hiyo sauti ya puani kwa kujibana pua: ukibana na sauti ikakatika, ghunna ipo, ikiendelea kama kawaida, unajidanganya. Madda, zile sauti za kuvutwa, alizipima kwa kukunja vidole taratibu, kimoja baada ya kingine. Hakuna alichosomea kitabuni. Vyote alivipokea mdomoni mwa baba yake, akiangalia midomo yake inavyokwenda, na baba yake akiangalia yake.

Aliolewa Mkokotoni, mume akafariki. Akakaa mjane miaka kadhaa akisomesha watoto wa kike, kisha posa ikaja kutoka mjini. Aliyeposa alikuwa Msabah Hamad wa Mlandege, muuza vitambaa, aliyekuwa pia imamu wa msikiti mdogo wa mtaani kwao. Uimamu aliurithi kwa marehemu baba yake, Mzee Hamad. Mke wake wa kwanza alikuwa ameachika, na watu walimwambia kuwa Mkokotoni kuna mwanamke wa dini, hodari wa Qurani, anayemfaa imamu. Hakuna aliyemwambia habari ya ulimi wake.

Mwanapili alipofika Mlandege alimkuta mama mkwe, Bi Mashavu, mwanamke mnene mwenye macho mepesi, ambaye tangu siku ya kwanza alimwita "huyu wa shamba". Mwanapili akimwamkia asubuhi, "Shikamoo, Mama," Bi Mashavu huitika "Marahaba" akiwa ameshageuza uso. Chakula chake hakikuwahi kuwa na chumvi ya kutosha. Nguo zake hazikuwahi kuwa safi vya kutosha. Alipoanza kusomesha mabinti wa jirani ukumbini, Bi Mashavu alikaa mlangoni na kushangaa kwa sauti kuwa mtoto anaweza kushindishwa asubuhi nzima kwenye neno moja.

"Kwani hilo neno lina nini?" aliuliza. "Sie tulisoma juzuu kwa wiki."

"Ndiyo maana," alijibu Mwanapili.

Maneno mawili tu, lakini Bi Mashavu hakuyasahau.

Ramadhani ya mwaka 1956 iliangukia kwenye masika. Mvua ilinyesha mchana kutwa, mifereji ya Darajani ikafurika, na jioni moja maji yalijaa kichochoroni hata Msabah akashindwa kutoka kwenda msikitini. Akafuturu, akatandika mkeka ukumbini, akamwambia mkewe asimame nyuma wasali magharibi jamaa. Ilikuwa mara ya kwanza Mwanapili kusali nyuma yake. Siku nyingine zote yeye husali chumbani peke yake.

Msabah alikuwa na sauti nzuri, tena ya kupanda na kushuka bila taabu. Alianza Fatiha kwa madaha. Lakini akishapata mwendo huwa hashikiki, na alipofika katikati, Mwanapili nyuma yake alisikia "Iyaka naabudu waiyaka nastaini". Hakuamini masikio yake. Rakaa ya pili akatega sikio vizuri. "Iyaka." Yaa ilipita nyepesi, moja, kama haina kitu juu yake.

Walipotoa salamu Msabah alinyoosha miguu kuleta uradi. Mwanapili akainuka, akakimu, akaanza kusali tena. Msabah akamngoja mpaka akamaliza.

"Unasali nini?"

"Magharibi."

"Si tushasali?"

"Wewe ushasali. Mie bado."

Msabah aliweka tasbihi chini. "Maana yake nini maneno hayo?"

"Maana yake umeiacha shadda ya Iyyaka. Mara mbili, kila rakaa. Ile yaa ni mbili zimeshikana. Ukisoma moja, umeangusha herufi nzima katika Fatiha, na Fatiha iliyopungua herufi si Fatiha, na asiye na Fatiha hana sala. Tena neno lenyewe linageuka. Iyyaka ni Wewe tu, Wewe peke Yako tunakuabudu. Iyaka, bila ya shadda, Waarabu wanasema ni mwanga wa jua. Umesimama mbele ya Mola wako unamwambia tunauabudu mwanga wa jua lako."

Angeweza kusema taratibu. Angeweza kungoja mumewe anywe kahawa. Lakini Mwanapili alisema vile alivyosemeshwa na baba yake, wima, bila ya kupunguza, na mlangoni Bi Mashavu alikuwa amesimama na sinia la vyombo akisikia kila neno.

"Ala!" Bi Mashavu aliropoka. "Mwanangu leo amekuwa muabudu jua!"

"Sikusema hivyo, Mama. Yeye hakukusudia. Asiyekusudia hakufuru, lakini sala lazima..."

"Nyamaza," Msabah alisema. Uso ulimvimba. "Nyamaza, Mwanapili. Nasalisha msikiti ule tangu baba yangu kufariki. Masharifu wanasali nyuma yangu. Leo mwanamke wa Mkokotoni anifundishe Alhamdu?"

"Hata hiyo Maliki yaumiddini yako si sawa," Mwanapili akaendelea, maana akishaanza huwa hajui kusimama. "Ni Maaliki, na madda yake. Wewe unaikata."

"Ndivyo alivyosoma baba."

"Basi na yeye alikosea."

Sinia lilianguka. Bi Mashavu hakuliokota. Alimtazama mkaza mwanawe kama anayetazama nyoka aliyemkuta kitandani, akaingia chumbani kwake, na kuanzia siku ile hakumsemesha tena ila kwa kumsema.

Msabah alimkataza mkewe kulitaja jambo lile mbele ya mtu. Mwanapili alikubali kunyamaza. Hakukubali kusali nyuma yake. Kila jioni alitandika mkeka wake chumbani, na hilo lilimuuma Msabah kuliko kelele, kwa sababu alipokuwa akisalisha msikitini alianza kujisikia mwenyewe. Mtu akianza kujisikia anaposoma, ima anarekebisha ima anakasirika. Msabah alikasirika. Akazidi kwenda mbio.

Msikiti wake ulikuwa ukijaa Ramadhani kwa sababu hiyo hiyo. Wenye maduka ya Mlandege walipenda kumaliza tarawehe mapema wakafungue tena biashara, na Msabah alizisalisha rakaa ishirini huku misikiti mingine wako nusu. Walimsifu. Walimwita "Gari la moshi". Wanawake wa mtaa nao walisali pale, katika chumba cha ubavuni kilichotengwa kwa pazia. Kumi la mwisho la mwezi lilipoingia, jirani yao Bi Mwanakhamis alikuja kumchukua Mwanapili.

"Hatukuoni tarawehe, bibi. Watu wanauliza. Wanasema mke wa imamu hasali na mumewe, kuna nini?"

Mwanapili alikwenda. Baadaye watu walisema alikwenda kwa makusudi ya kumfedhehi mumewe. Yeye alisema alikwenda akitumai kuwa amejirekebisha, kwani mtu akishaambiwa hurekebisha. Huenda yote mawili yalikuwa kweli.

Rakaa za mwanzo zilisomwa vizuri. Msabah hakujua kuwa mkewe yuko nyuma ya pazia. Kisha akashika mwendo wake. Maneno yakaanza kugusana, ghunna zikapotea, "waladh-dhaallin", ambayo madda yake haina ruhusa ya kufupishwa, ikakatwa kama kamba. Hayo Mwanapili aliyavumilia, kwani mengine ni makosa ya siri yanayoondoa uzuri na si maana. Lakini mara akasikia "Iyaka naabudu".

Mwanamume anapomsikia imamu wake amekosea husema Subhanallah. Mwanamke hupiga kiganja cha mkono wa kulia juu ya mgongo wa kushoto. Mwanapili alipiga.

Sauti ile ilipenya pazia. Wanawake wawili waligutuka. Msabah alisita kwa pumzi moja, na kila aliyekuwepo alisikia kusita kule. Ilimpasa arudi nyuma alisome neno lile upya, kisha aendelee, na mambo yangekwisha. Hakurudi. Akasonga mbele, kwa sauti kubwa zaidi.

Rakaa ya pili, "Iyaka". Mwanapili akapiga tena. Msabah akapita. Hapo Mwanapili akanuia kufarikiana na imamu, akajimalizia rakaa yake peke yake taratibu huku wenziwe wakirukuu na kusujudu kwa sauti ya mumewe. Akatoa salamu, akavaa buibui lake, akaondoka katikati ya safu.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa ukilisema. Sokoni Darajani mwanamke mmoja alimpigia Mwanapili makofi ya kumkejeli kwa lile kofi la msikitini, wengine wakacheka. Mabinti aliokuwa akiwasomesha waliondolewa wote, mmoja mmoja, na mama zao hawakuja hata kuaga. Dukani kwa Msabah wateja walikuja kuulizia khanga ambazo hawakutaka kununua. Kulikuwa na watu waliosema kuwa imamu hana sala na hivyo na wao sala zao za miaka yote zimekwenda bure, na watu hao ndio walimchukia Mwanapili zaidi, kwa kuwa amewatwika mzigo ambao hawakuuomba. Muadhini wa msikiti, mzee mmoja aitwaye Borafya, alisema hadharani kuwa mwanamke yule anafaa apelekwe kwa kadhi.

Msabah akampeleka. Mwanzoni mwa mfungo mosi, Idi ikiwa haijapoa, alishitaki kuwa mkewe ni nashiza, mke asiyemtii mume, anamvunjia heshima na anamzulia kuwa hajui Fatiha.

Kadhi yule alikuwa mtu mkavu. Alikaa Mji Mkongwe na hakuficha kuwa kesi za ng'ambo ya daraja, kama hizi za Mlandege, zinamchosha. Aliwasikiliza wote wawili huku akiutazama ukuta, kisha akamwambia Msabah:

"Soma."

Msabah alisoma. Alisoma kwa utulivu, bismillahi yake safi, kila herufi mahali pake. Alipofika "Iyyaka" aliikaza yaa ile kama anayefunga fundo. Umalizio wake ulikuwa mzuri, madda ya "dhaallin" ndefu, nuni ya mwisho imetulia.

Kadhi akamgeukia Mwanapili. "Liko wapi kosa?"

Nyuma, watu wa Mlandege waliokuja kutazama walicheka. Bi Mashavu alicheka kuliko wote.

"Hapa hakuna kosa, Sheikh," Mwanapili alisema. "Lakini hivi sivyo anavyosoma."

"Nani mwingine kasikia?"

Mwanapili akamtaja Borafya, ambaye husali safu ya mbele kila siku. Borafya akasimama, akaapa kuwa hajasikia kosa hata siku moja.

"Sikiliza," kadhi alimwambia. "Iyyaka naabudu. Iyaka naabudu. Ipi sahihi?"

"Zote, Sheikh... zote sawa."

"Kaa chini. Wewe hungesikia hata akisoma kwa Kihindi." Kadhi akamrejea Msabah. "Nambie, Ramadhani unasalisha rakaa ngapi?"

"Ishirini, Sheikh."

"Nasikia wanakuita Gari la moshi. Nataka kulisikia hilo gari. Nisomee Alhamdu kama unavyosoma tarawehe, ukimaliza unaanza tena. Usijitie utulivu. Nikiona unajitia utulivu nitajua kwa nini."

Msabah alisema kuwa si adabu kusoma Qurani mbio mbele ya kadhi.

"Mbele ya Mwenyezi Mungu ni adabu?" kadhi aliuliza. "Soma."

Akaanza. Mara ya kwanza aliishika yaa. Mara ya pili ilikuwa katikati, huwezi kusema ipo wala haipo. Pumzi ikaanza kumwongoza yeye badala ya yeye kuiongoza, ulimi ukarudi kwenye njia ulioizoea, na mara ya tatu ikatoka wazi chumbani mle: "Iyaka naabudu waiyaka nastaini". Mwenyewe aliisikia. Alinyamaza bila kuambiwa.

Hakuna aliyecheka.

"Sasa nisikilizeni," kadhi alisema, na kwa mara ya kwanza aliacha kuutazama ukuta. "Mtu ambaye ulimi wake hauwezi, Mola wake anamjua, na sala yake ni yake, ila asimsalishe anayeweza. Wewe si katika hao. Wewe unaweza. Nimekusikia unaweza. Unaiacha herufi ya Mwenyezi Mungu kwa sababu wauza nguo wana haraka. Unakosea bila ya kukusudia, unatanabahishwa, na hurudi nyuma. Hilo la kutorudi ndilo baya kuliko kosa lenyewe. Hutosalisha mpaka ukasome kwa mwalimu, aketi mbele yako, akushuhudie kuwa ulimi wako umesimama mbio na polepole."

Msabah aliinamisha kichwa. Jasho lilikuwa limeilowesha kanzu yake mgongoni.

Mwanapili alidhani yamekwisha. Alikuwa tayari anavuta buibui asimame.

"Wewe ngoja," kadhi alimwambia. "Nasikia una kosa jengine ulilomtolea. Lipi?"

"Maliki yaumiddini. Anaikata madda. Ni Maaliki."

"Nani kakwambia?"

"Baba yangu. Nilivyopokea kwake."

"Baba yako kakupa alichopewa. Je, alikwambia kuwa hakuna nyingine?"

Baba yake hakumwambia kuwa ipo, na hakumwambia kuwa haipo.

"Marehemu Hamad alisoma kwa nani?" kadhi aliuliza chumba kizima.

Ni Bi Mashavu aliyejibu, kwa sauti isiyokuwa na kicheko tena. "Kwa Mbarawa, Sheikh. Mwalimu mmoja wa Barawa aliyekaa Unguja zamani."

"Basi kapokea sawa. Maaliki ni Mwenye kuimiliki Siku ya Malipo. Maliki ni Mfalme wa Siku ya Malipo. Zote mbili zimesomwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, na wasomaji wa sanadi wameirithi hii na hii. Walio wengi katika wasomaji saba wamesoma Maliki, bila ya alifu. Nyinyi wa Mkokotoni mmeshika ile yenye alifu, na hiyo nayo ni haki." Alimnyooshea kidole. "Umemwambia mtu kuwa baba yake aliyekufa alikosea Alhamdu, ilhali aliyekanusha neno la Qurani ni wewe. Umelikanusha kwa ujinga, ndiyo salama yako. Ungelijua ukalikanusha, tungekuwa tunazungumza mengine hapa."

Katika maisha yake yote Mwanapili alipigwa kwa herufi, alitukanwa kwa herufi, aliwatesa watoto wa watu kwa herufi, na hakuwahi kuambiwa kuwa amekosea na ikawa kweli.

"Tajwidi si rungu," kadhi alisema, akiwa ameshaanza tena kuchoka nao. "Imewekwa ili neno lifike kama lilivyoshuka. Shadda ile ulikuwa na haki nayo, na ningekuwa nyuma yake mimi nami ningefarikiana naye. Hii ya pili umekurupuka. Utamwomba radhi mama huyu kwa ajili ya mumewe, hapa hapa, wasikie wote waliokusikia."

Mwanapili alisimama mbele ya Bi Mashavu. Aliyasema maneno yale bila ya kuyameza na bila ya kuyapamba: kwamba marehemu Hamad alisoma sawa, kwamba yeye Mwanapili ndiye aliyekuwa hajui, na kwamba anaomba radhi. Bi Mashavu alimwacha amalize. Kisha akatema pembeni, ndani ya mahakama, mpaka karani akamkemea.

"Nshasikia," alisema. Hakusema amesamehe.

Walipotoka nje jua lilikuwa kali baada ya mvua za wiki nzima. Msabah alitembea mbele hatua chache, kisha akageuka katikati ya njia, watu wakipita.

"Ulikuwa na haki," alimwambia. "Sitaki kukuona tena. Nimekuacha, Mwanapili."

"Talaka ngapi?" aliuliza. Hata hapo alitaka neno liwe kamili.

"Moja. Na sitokurejea."

Eda alikaa kwa kaka yake, Simai, aliyekuwa na kibanda cha kushona viatu upande wa Mwanakwerekwe, ambako siku zile kulikuwa mashamba zaidi kuliko nyumba. Simai hakumlaumu kwa maneno. Alimlaumu kwa kukaa kimya, na mkewe alimlaumu kwa kumhesabia vipande vya muhogo. Eda ilipokwisha alirudi Mkokotoni kwenye nyumba ya baba yake. Mwalimu Shaame alikuwa hai bado, macho yameingia ukungu, na jambo la kwanza Mwanapili alilofanya ni kumuuliza.

"Baba, ulikuwa unajua kuwa kuna Maliki?"

Mzee alifikiri. "Nilisikia mara moja. Kwa mpita njia. Nikamtoa barazani."

"Alikuwa amesoma sawa."

Mwalimu Shaame alimwamuru atoke nje amwache, na kwa siku nyingi baadaye alimjibu kwa mkato, kana kwamba ni yeye aliyemtoa yule mpita njia.

Habari za Mlandege zilimfikia kwa wachuuzi. Msabah alikwenda kusoma kwa mwalimu mmoja Mji Mkongwe, mtu mzima na ndevu zake, akaketi na watoto kwenye mkeka mmoja, akarudishwa kwenye Iyyaka mpaka taya zikamuuma. Watoto walimcheka. Alipomaliza, mwalimu alimshuhudia na akarejea kwenye uimamu. Lakini sasa alisoma taratibu, akaivuta madda mpaka mwisho wake, akaikaza kila shadda, na wenye maduka wakamkimbia. Walihamia msikiti mwingine wenye imamu mwepesi. Safu zikapungua. Kila mtu aliyehama, Msabah alimtwika lawama Mwanapili, na Bi Mashavu alipokuwa mgonjwa wa maradhi aliyofia, aliusia kuwa mwanamke yule asiruhusiwe kufika hata kwenye khitma yake. Mwanapili aliposikia kuwa amefariki hakwenda. Alikaa chumbani kwake, akafungua msahafu, akamsomea tangu alasiri mpaka magharibi, na hakumwambia mtu.

Chuo alikifungua tena, cha watoto wa kike, ukumbini kwa baba yake. Ukali haukumtoka. Fimbo alikuwa nayo. Tofauti moja ilikuwepo, na waliosoma kwake kabla na baada ndio walioiona: zamani mtoto akisoma kitu asichokijua yeye, alimpiga. Siku hizi alimuuliza kwanza, "Umekipokea kwa nani?" Kama mtoto ana wa kumtaja, aliinyamazia mpaka aulizie. Kama hana, alimpiga.

Mwaka uliofuata alimpata mtoto mmoja, binti wa mchuuzi wa samaki aitwaye Machano, mwenye ulimi mzito. Haa alizileta zote kuwa moja. "Alhamdu" yake ilitoka kwa pumzi tupu, na neno la sifa njema likawa linakwenda kwenye maana ya moto kuzimika. Mwanapili alimweka hapo. Wenzake walipita Fatiha, wakapita Falaqi, wakaingia kwenye sura za kati, na yeye bado alikuwa kwenye neno lile lile la Alhamdu, mkono kooni, akitafuta mahali pa katikati inapotokea haa. Machano alivumilia, kisha hakuvumilia. Alikuja asubuhi moja na harufu ya soko, akasimama ukumbini bila ya kubisha hodi.

"Bi Mwanapili, mwanangu ana kosa gani? Watoto wa wenzangu wanakaribia kuhitimu. Huyu kila siku Alhamdu, Alhamdu. Unamfundisha au unamkomoa?"

"Namfundisha."

"Hawezi, basi mpitishe. Mungu si msamehevu?"

"Msamehevu. Asiyeweza amesamehewa. Huyu anaweza, bado hajafika. Nikimpitisha leo, atasali na pumzi hiyo mpaka afe, na atawafundisha wanawe."

"Watu walinambia. Walisema ulimfukuzisha mumeo kwenye mimbari, wewe. Sasa nnaamini." Alimshika binti yake mkono. "Inuka twende."

Mwanapili hakuinuka. Mtoto alimtazama baba yake, akamtazama mwalimu, akaanza kulia.

"Mchukue," Mwanapili alisema. "Ni wako. Nakuomba kitu kimoja tu, usimpeleke kwa mtu atakayekwambia kuwa ameshajua ilhali bado."

Machano alitoka na mtoto, akiongea peke yake njia nzima. Mabinti waliobaki walikuwa wameacha kusoma, wote macho mlangoni. Mwanapili aligonga fimbo sakafuni mara moja.

"Nani kawaambia mnyamaze?" alisema, na akamwita aliyekuwa zamu aje mbele asome.